Mizani na Daraja katika Bango la Lugha Mbili: Mfano wa Wito wa Sensa, Dodoma

Bango la lugha mbili ni karatasi moja inayosema jambo lile lile mara mbili. Mwenye kuliagiza hutaka lugha zote mbili zipate haki yake. Mwenye kulichapa hupewa karatasi ya upana mmoja, na maneno ambayo hayana urefu mmoja. Hapo ndipo tatizo linapozaliwa, na mara nyingi jibu linalotolewa ni fupi mno: husemwa ya kuwa Kiswahili ni kirefu kuliko Kiingereza, kwa hiyo herufi zake hazina budi kupunguzwa. Makala haya yanakusudia kuupima usemi huo. Itaonekana ya kuwa Kiswahili si kirefu wala si kifupi kwa jumla. Ni kirefu mahali fulani na kifupi mahali pengine, na asiyejua ni mahali gani huweza kuipandisha lugha moja juu ya nyingine bila ya kukusudia.

Mahali palipochaguliwa kwa mfano ni Dodoma. Chama cha TANU kiliamua mwaka 1973 ya kuwa makao makuu ya Serikali yahamie huko, na sheria ya mwaka 2018 ikathibitisha jambo hilo. Wizara zimejenga katika Mji wa Serikali wa Mtumba, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu nayo ina makao yake makuu mjini humo. Kwa hiyo bango la Serikali likitengenezwa Dodoma huwa na wasomaji wa namna mbili walio karibu sana. Mjini wapo watumishi, wanafunzi wa vyuo vikuu na wageni wa nchi za nje. Nje ya mji, katika vijiji vya uwanda wa kati, wapo Wagogo, na kaskazini yao Warangi, Waburunge na Wasandawe, ambao wengi wao walijifunza Kiswahili baada ya lugha ya nyumbani. Kwa msomaji wa namna hii Kiswahili ndiyo lugha ya pili, na Kiingereza, kama anakijua, ni cha tatu. Akisimama mbele ya ofisi ya kijiji akaona maneno makubwa asiyoyajua na maneno madogo anayoyajua, huweza kudhani ya kuwa tangazo lile si lake, akaondoka.

Maneno mawili yapaswa kuelezwa kabla ya kuendelea. Mizani ya bango ni namna uzito wa maandishi unavyogawanyika juu ya karatasi, ili upande mmoja usionekane umejaa na wa pili mtupu. Daraja ni utaratibu wa macho: lipi lisomwe kwanza, lipi la pili, lipi la mwisho. Daraja hutengenezwa kwa ukubwa wa herufi, kwa unene wake, kwa rangi na kwa mahali penyewe. Mambo haya mawili hayafanani, na mara nyingi hupingana. Mchapaji akitaka kusawazisha mizani hukuza maandishi haya na kupunguza yale. Lakini kila anapofanya hivyo amegusa daraja pia, maana macho hayajui ya kuwa herufi zilikuzwa kwa ajili ya kujaza nafasi. Macho huona tu ya kuwa hili ni kubwa, basi ndilo lenye amri.

Mfano wenyewe watoka katika Sensa ya Watu na Makazi iliyofanyika mwaka 2022, ambayo hesabu yake ilianza usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Kaulimbiu yake ilikuwa na wito wa maneno mawili: Jiandae Kuhesabiwa. Kwa Kiingereza wito huo waweza kutolewa hivi: “Get ready to be counted”. Bango linalopimwa hapa ni la mfano tu, na tafsiri hii ya Kiingereza imetungwa kwa ajili ya makala haya. Halikutolewa na ofisi yoyote. Lakini wito wenyewe ni wa kweli, na wafaa sana kwa kazi hii kwa sababu ni mfupi na una kitenzi cha Kiswahili katika umbo lake la kawaida.

Jambo la kwanza la kufanya ni kuhesabu. Wito wa Kiswahili una maneno mawili: “jiandae” lenye herufi 7, na “kuhesabiwa” lenye herufi 10. Ukiongezwa mwanya mmoja katikati, jumla ni nafasi 18. Wito wa Kiingereza una maneno matano yenye herufi 19, na mianya minne, jumla nafasi 23. Basi tangu mwanzo usemi wa kuwa Kiswahili ni kirefu umekwisha kushindwa, maana hapa Kiingereza ndicho kinachozidi kwa nafasi 5. Lakini liangaliwe neno refu kuliko yote katika kila upande. Katika Kiswahili ni “kuhesabiwa”, herufi 10. Katika Kiingereza ni “counted”, herufi 7.

Sababu yake yajulikana na kila mwanafunzi wa sarufi. “Kuhesabiwa” limebeba ndani yake ku- ya kitenzi-jina, shina la hesabu, na kiishio cha kutendwa. Kiingereza kimevitawanya vitu hivyo hivyo katika maneno matatu na kuvitenga kwa mianya. Mwanasarufi huona hapa tofauti ya muundo wa lugha. Mchapaji huona tofauti nyingine, nayo ni kwamba mwanya ni mahali pa kukatia mstari. Kiingereza kimepewa mahali pane pa kukatia, Kiswahili mahali pamoja tu. Urefu wa Kiingereza umo katika mstari, na mstari waweza kukunjwa. Urefu wa Kiswahili umo ndani ya neno, na neno halikunjiki.

Sasa na lichukuliwe bango la karatasi ya A2, yenye upana wa milimita 420 na kimo cha milimita 594. Pambizo ziwe milimita 30 kila upande, zibaki milimita 360 za kuandikia. Kwa herufi ndogo nene za umbo la kawaida, zisizo na vijipembe, kadirio linalofaa ni kwamba herufi moja, pamoja na mwanya, huchukua kwa wastani kama 0.55 ya kimo cha chapa. Kimo cha chapa ni kipimo kizima, tangu juu ya herufi ndefu mpaka chini ya herufi zenye mkia. Kadirio hili si sheria. Herufi m na w ni pana, na i ni nyembamba. Na kwa kuwa ngeli za Kiswahili hupenda m- na wa-, neno kama “mwananchi” huchukua nafasi zaidi ya inavyodhaniwa kwa kuhesabu herufi peke yake. Mwenye kuchapa hana budi kupima kwa chapa yake mwenyewe. Lakini kwa kulinganisha, kadirio latosha.

Mpango wa kwanza, ambao huchaguliwa na wengi kwa kuwa waonekana kuwa wa haki, ni wa safu mbili: Kiswahili kushoto, Kiingereza kulia, na mwanya wa milimita 20 katikati. Kila safu yapata milimita 170. Mchapaji akiijaza kila safu kadiri iwezekanavyo, kinachoamua ukubwa wa herufi ni neno refu kuliko yote, kwa sababu hilo halikatiki. “Kuhesabiwa” laruhusu chapa ya milimita 31, wala si zaidi. “Counted” laruhusu chapa ya milimita 44. Kiswahili chakaa katika mistari miwili. Kiingereza chashuka mistari minne, na herufi zake zimezidi za Kiswahili kwa zaidi ya theluthi moja. Mtu akilitazama bango hili kwa mbali ataliita bango la Kiingereza lenye maelezo ya Kiswahili pembeni. Hakuna aliyeamua hivyo. Safu zilikuwa sawa kwa upana, na kila lugha ilipewa kujaza mahali pake. Usawa wa safu ndio ulioleta kutokuwa sawa kwa lugha.

Mchapaji mwingine atasema: basi herufi ziwe za kimo kimoja, milimita 31 pande zote. Hapo Kiswahili chabaki na mistari miwili, na Kiingereza chapata mitatu, kwa kuwa maneno matatu ya mwisho hayaenei katika mstari mmoja. Daraja sasa limekuwa sawa, lakini mizani imeinama: safu ya kulia imeshuka chini, na chini ya safu ya kushoto kuna uwazi. Uwazi huo hauwezi kuzibwa kwa kukuza Kiswahili, maana “kuhesabiwa” limekwisha kugusa kingo zote mbili. Njia iliyobaki ni kupunguza Kiingereza mpaka milimita 24, ili nacho kienee katika mistari miwili. Hivyo mizani yarudi, na daraja labadilika mara ya tatu: safari hii Kiswahili ndicho kikubwa. Kutoka katika wito mmoja, karatasi moja na safu zile zile, yamepatikana madaraja matatu, na yote matatu yalitokana na hesabu ya mianya, si na nia ya mwenye kuagiza.

Mpango wa pili ni kuacha safu na kuweka lugha moja juu ya nyingine, kila wito katika mstari mmoja wa upana wote wa milimita 360. Hapa neno refu halina nguvu tena. Kinachoamua ni jumla ya nafasi. Nafasi 18 za Kiswahili zaruhusu chapa ya milimita 36, na nafasi 23 za Kiingereza zaruhusu milimita 28. Mambo yamegeuka kabisa. Katika safu, Kiswahili kilikuwa kidogo. Katika mistari iliyopangwa juu na chini, Kiswahili ni kikubwa. Wito haukubadilika hata herufi moja. Kwa hiyo si sawa kuuliza ni lugha ipi iliyo ndefu. Swali lifaalo ni hili: je, mpango wa bango hili wahukumu kwa neno au kwa mstari?

Ingekuwa rahisi kumaliza hapa na kusema ya kuwa safu humdhulumu Mswahili siku zote. Lakini bango lina kichwa pia, na kichwa kina tabia nyingine. Jina la kazi yenyewe kwa Kiswahili ni Sensa ya Watu na Makazi, na kwa Kiingereza “Population and Housing Census”. Kiswahili kina nafasi 23, na neno lake refu kuliko yote ni “makazi”, herufi 6 tu. Kiingereza kina nafasi 29, na neno lake refu lina herufi 10. Katika safu ya milimita 170, kichwa cha Kiswahili chaweza kufika chapa ya milimita 51, na cha Kiingereza milimita 31. Hapa Kiswahili ndicho kinachopata, na Kiingereza ndicho kinachobanwa.

Tofauti hii haikutokea kwa bahati. Kichwa ni kikundi cha majina, na katika majina Kiswahili hutumia a-unganifu na viunganishi vidogo, yaani ya, wa, na, kwa, ambavyo huacha mianya mingi. Kiingereza, kinapotaka jina la heshima la kazi ya Serikali, hupenda maneno yenye asili ya Kilatini, nayo ni marefu. Wito, kinyume chake, ni kitenzi. Na kitenzi cha Kiswahili hukusanya ndani yake nafsi, wakati, yambwa na kauli, hali kitenzi cha Kiingereza huvitandaza. Kwa ufupi, katika vichwa neno refu huwa la Kiingereza, na katika amri neno refu huwa la Kiswahili. Mifano ya kupinga haikosekani, lakini mwelekeo huu watosha kumwonya mwenye kupanga.

Matokeo yake katika bango la safu mbili ni mabaya kuliko hayo yaliyotangulia. Kila ngazi ikijaza mahali pake, kichwa cha Kiswahili kitakuwa kikubwa na wito wake mdogo. Kichwa cha Kiingereza kitakuwa kidogo na wito wake mkubwa. Asomaye Kiswahili ataambiwa kwa sauti kubwa jina la kazi, na kwa sauti ndogo la kufanya. Asomaye Kiingereza ataambiwa kinyume. Ni bango moja, lakini lina makusudi mawili: upande mmoja latangaza sensa, upande wa pili laita watu. Na kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa kuwaita watu wahesabiwe, msomaji wa kijijini, ambaye ndiye aliyehitaji kuitwa, ndiye aliyepewa tangazo.

Katika mpango wa mistari ya juu na chini aibu hii haipo. Kwa wito, 28 kwa 36 ni karibu na nne kwa tano. Kwa kichwa, nafasi 23 za Kiswahili huruhusu chapa ya milimita 28, na nafasi 29 za Kiingereza huruhusu milimita 22 na nusu. Nayo pia ni karibu na nne kwa tano. Uwiano mmoja umepatikana katika ngazi zote mbili, na kwa hiyo lugha mbili zapanda na kushuka pamoja. Hata hivyo limebaki kosa moja ambalo halionekani mpaka vipimo vyote viandikwe pamoja. Kichwa cha Kiswahili kina milimita 28, na wito wa Kiingereza una milimita 28. Vitu viwili vya ngazi mbali mbali na lugha mbali mbali vimelingana kwa ukubwa, na jicho litavisoma kama ndugu. Yafaa kichwa kishushwe: Kiswahili milimita 24 na Kiingereza 19. Hapo vipimo huwa 36 kwa wito wa Kiswahili, 28 kwa wito wa Kiingereza, 24 na 19 kwa vichwa. Vichwa vyote viwili hufika upana wa kama milimita 304, hivyo kingo zao zakutana bila ya kulazimishwa.

Maelezo madogo yaliyo chini ya bango hayana taabu nyingi. Na uchukuliwe mfano huu: “Karani wa sensa atafika nyumbani kwako.” Kwa Kiingereza: “The census clerk will come to your home.” Bila ya nukta, Kiswahili kina nafasi 38 katika maneno 6, Kiingereza kina nafasi 39 katika maneno 8. Kwa chapa ndogo, mstari hubeba maneno mengi, na neno refu moja halina nguvu ya kuharibu. Katika ngazi hii lugha mbili hukaribiana, na uwiano wa nne kwa tano waweza kufuatwa kwa hiari: milimita 10 kwa Kiswahili na 8 kwa Kiingereza. Funzo lililo hapa ni kwamba tofauti ya urefu hukua pamoja na ukubwa wa herufi. Mtu asiyepima chochote ila maelezo madogo atasema lugha zimelingana. Akifika kwenye wito ndipo atakapokwama.

Swali moja la mpangilio limebaki: je, kila mstari wa Kiswahili ufuatwe mara moja na wa Kiingereza, au Kiswahili chote kikae juu na Kiingereza chote chini? Njia ya kwanza huonekana kuwa ya adabu, lakini humlazimisha kila msomaji kuruka mstari mmoja kila anapomaliza mmoja. Mzoefu wa kusoma huweza. Asiyesoma kwa wepesi hujikuta katikati ya maneno asiyoyajua na kupoteza uzi. Kwa wasomaji wa uwanda wa kati, ni afadhali kila lugha iwe fungu moja zima, na fungu la Kiswahili litangulie. Utangulizi huo si jambo geni: tangu Januari 1967, Rashidi Kawawa alipotangaza ya kuwa shughuli za Serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, kukitanguliza kumekuwa na msingi wa siasa ya nchi, wala si upendeleo wa mchapaji.

Iko sehemu moja ambayo kuhesabu nafasi peke yake hakuwezi kuimaliza, nayo ni makatazo. Kiingereza hukataza kwa maneno mawili yaliyosimama peke yake mwanzoni: “Do not”. Mchapaji aweza kuyakuza, kuyapaka rangi nyekundu, au kuyaweka katika mstari wao wenyewe. Kiswahili hukataza kwa silabi iliyomo ndani ya kitenzi. Bango lililowekwa kando ya kisima chenye maji mabaya litasema “Usinywe maji haya”. Anayetakiwa kunywa huambiwa “unywe”, na anayekatazwa huambiwa “usinywe”. Tofauti nzima ni silabi -si-, herufi mbili nyembamba, moja yake ikiwa nyembamba kuliko zote katika alfabeti. Vumbi likishika karatasi, au jua likififisha wino, herufi hizo ni miongoni mwa zinazotangulia kupotea, na linalobaki lakaribia kuwa ruhusa.

Wapo wanaoipaka silabi hiyo rangi nyekundu na kuacha sehemu iliyobaki nyeusi. Dawa hii yavunja neno. Msomaji wa kujikongoja husoma kwa kuunganisha silabi, na rangi ikibadilika katikati humwambia ya kuwa neno limekwisha. Ataona “usi” isiyo na maana na “nywe” isiyo na mtendaji. Ni afadhali kubadilisha tungo kuliko kubadilisha wino. Kiswahili kina maneno yake yaliyosimama peke yake kwa kazi hii: “Marufuku kunywa maji haya”, au “Hatari! Maji haya hayafai kunywewa”. Urefu umeongezeka, kutoka nafasi 17 mpaka 25 kwa tungo ya kwanza, na Kiswahili sasa kimeupita mstari wa Kiingereza wenye nafasi 23. Lakini “Marufuku” laweza kukaa peke yake katika mstari wa juu, na katika upana wa milimita 360 neno hilo lenye herufi 8 laweza kufika chapa ya milimita 80. Katazo limepata mahali pa kusimama, na urefu ulioongezeka haukudhuru kitu. Hapa ndipo ionekanapo ya kuwa tungo fupi si lazima iwe bora kwa bango. Iliyo bora ni ile ambayo neno lake zito laweza kutengwa.

Kukata mistari nako kuna kanuni zake, ambazo mitambo iliyofundishwa Kiingereza haizijui. Viunganishi vidogo, yaani ya, wa, na, kwa, ni, si, ni vya neno linalofuata, wala visiachwe vikining'inia mwishoni mwa mstari. “Sensa ya Watu” juu na “na Makazi” chini ni sawa. “Sensa ya Watu na” juu na “Makazi” chini ni vibaya, kwa kuwa jicho hungoja neno lisilokuja. Na ikiwa hapana budi kukata neno lenyewe katika maandishi madogo, likatwe baada ya irabu: ku-he-sa-bi-wa. Kikundi kama mb, nd au ng' hakitengwi na irabu yake. Nyu-mba, wala si nyum-ba. Katika maandishi makubwa neno lisikatwe kabisa.

Vipi mtu atajua ya kuwa bango lake limekosea, kabla halijachapwa kwa wingi? Njia ya kwanza ni kuligeuza juu chini na kulitazama kwa umbali wa hatua kumi. Likiwa limegeuzwa, maana hupotea na uzito hubaki. Upande uliojaa na upande mtupu huonekana mara moja. Njia ya pili ni kulibandika ukutani, nje, penye jua, na kumwomba mtu asiyehusika alisome kwa sauti. Asiulizwe kama ni zuri. Aangaliwe ni mstari gani alioanza nao, na ni wapi alipositasita. Akianza na kichwa na kuacha wito, daraja limepinduka. Akianza na lugha asiyoijua vizuri, ukubwa umempoteza. Mtu wa mjini na mtu wa kijijini waulizwe wote wawili, maana hawaanzi mahali pamoja.

Vipimo vilivyotolewa hapa vina mipaka yake. Bango la herufi kubwa tupu litatoa hesabu nyingine, kwa kuwa herufi hizo ni pana zaidi, na “KUHESABIWA” litabanwa kuliko hivyo. Karatasi ndefu na nyembamba ya kubandikwa nguzoni haina upana wa mistari mirefu, hivyo itarudisha hukumu ya neno, na hapo huenda ikawa afadhali kutafuta tungo nyingine yenye maneno mafupi. Na kama bango litaongezewa Kigogo, nacho ni lugha ya Kibantu inayokusanya viambishi ndani ya kitenzi. Kitazidisha taabu ile ile ya neno refu, wala hakitaipunguza.

Linalobaki bila ya kubadilika ni utaratibu wa kazi. Aghalabu bango huandikwa kwanza kwa lugha moja, likapangwa likakamilika, ndipo lugha ya pili hutafutiwa mahali palipobaki. Kwa utaratibu huo lugha ya pili haina budi kuwa mgeni katika nyumba iliyojengwa kwa kipimo cha mwingine. Yapasa kwanza kuamuliwa ni nani anayeitwa, na kwa hiyo ni lugha ipi itakayotangulia na kwa uwiano gani. Kisha tungo za lugha zote mbili ziandikwe pamoja, zihesabiwe neno refu na jumla ya nafasi katika kila ngazi, ndipo upana uchaguliwe. Mwenye lugha na mwenye chapa wakae meza moja katika hatua hiyo, kwa kuwa tungo ambayo haijachapwa hubadilishwa kwa kalamu, na iliyokwisha kuchapwa na kubandikwa katika ofisi za vijiji vya uwanda wote hubadilishwa kwa fedha, kama itabadilishwa.